Tupeane uzoefu: biashara ya taka mji mdogo, ipi haitaki mashine?

Mleta mada: Nipo Busia upande wa Uganda, mtaji kidogo na mashine sina hata moja. Taka ninazoziona kila siku ni chupa za maji, maganda ya matoke na chenga za mkaa pale wanapopimia. Waliofanya semeni, ipi unaanza na mikono mitupu?

Boda wa Tororo: Chupa bana, hununui kitu, unaokota unauza.

Mama Makaa: Kuokota sawa, ila zinauzwa kwa kilo, na kilo moja ni chupa 50 na zaidi za nusu lita, gunia linajaa hewa tupu. Wanunuzi wakubwa wapo Kampala, kama kilomita 200 kutoka hapo, na bila mashine ya kubana nauli inakula hela yote. Mimi nabumba mkaa. Vyombo ni chekeche, beseni, sufuria na turubai basi. Chenga nazitoa kwa wauza mkaa, ila kwanza namwaga konzi moja kwenye ndoo ya maji, mchanga unazama haraka, chenga kavu zinabaki juu kwanza, nikiona mchanga mwingi sichukui hata wakinipa bure maana mkaa wake haushiki moto na majivu yanajaa sigiri. Nikishachekecha, kilo 10 za chenga nachanganya na uji wa kilo moja ya unga wa muhogo, uji uive mpaka uvutike. Nakamata konzi nakamua, likishikana bila kuchuruzika maji hapo ndio nabumba. Jua la siku 3 au 4, halafu navunja kimoja, katikati kukiwa na unyevu bado, ukiuza hivyo mteja anapata moshi na harudi.

Kijana wa Mbale: Muhogo ni chakula mama, weka udongo wa mfinyanzi, unashika na moto unakaa zaidi.

Mama Makaa: Unashika kweli mwanangu, na moto unaenda polepole, lakini udongo hauungui, ukizidisha chai haichemki. Mimi naweka kidogo tu muhogo ukipanda bei.

Mfuga mbuzi: Maganda ya matoke hayataki hata beseni. Mimi nachukua hotelini asubuhi, nachambua kavera, ile mifuko ya plastiki, na vijiti vya nyama, mbuzi wangu wanakula. Kavera moja tumboni unapoteza mnyama. Yakilala yanachacha, kwa hiyo ya ziada nauza kwa jirani wa ng'ombe siku hiyohiyo.

Mleta mada: Hayo maganda siwezi kuyabumba yakawa mkaa?

Mama Makaa: Mabichi hapana, moshi mtupu. Yakaushe, uyachome ndani ya pipa lenye hewa kidogo, moshi mzito ukiisha ufunike na uzibe kwa udongo mpaka lipoe kabisa. Ukifungua mapema yanawaka upya unabaki na majivu. Ndio maana nakwambia anza na chenga, zenyewe zimeshaungua.

Kijana wa Mbale: Na mvua za Aprili mnakaushia wapi? Mimi vyangu viliota ukungu.

Mama Makaa: Natandika chanja chini ya bati, ila vinachukua zaidi ya wiki na vingine vinapasuka. Mwenye njia nzuri zaidi aseme, hapo bado nahangaika.