Wasifu wa meneja mradi kwenye zabuni ya barabara: orodha nzima, jedwali au aya ya juu?

Kokoto_Tatu
Wakuu, habari za kazi. Naandaa wasifu wa meneja mradi wetu, zabuni ya barabara ya lami. Masharti: awe amesajiliwa ERB, awe na uzoefu wa miaka 10 kwa jumla, miaka 5 katika kazi za aina hii, na awe ameshika umeneja mradi kwenye miradi 2 ya lami, kila mmoja usiopungua kilomita 20. Nina njia tatu: kuorodhesha miradi yake yote 14 kwa tarehe, kuchora jedwali, sharti kushoto na mradi unaolijibu kulia, au aya fupi juu, orodha chini. Ipi inalipa?

Nguzo_Nne
Weka yote 14. Kamati ikiona kurasa sita inajua jamaa kaiva.

Mama_Levo
Nguzo, nimewahi kukaa upande wa tathmini. Mbele yako una karatasi yenye sharti moja kila mstari, na unatafuta jibu la mstari huo tu. Ukurasa wa kwanza ukianza na hosteli, tangi la maji na uzio wa zahanati, barabara utaikuta ukurasa wa nne ukiwa umeshachoka. Mimi napiga kura kwa jedwali, ila lisichukue nafasi ya fomu iliyomo kwenye nyaraka. Fomu ijazwe kama ilivyo. Jedwali liwe kiambatisho. Na tumia maneno yaleyale ya sharti. Wakisema "barabara ya lami", usiandike "miundombinu ya usafiri".

Dogo_Simenti
Msisahau picha ya pasipoti, lugha anazozijua na wadhamini watatu. Mimi nilipata kazi hivyo.

Nguzo_Nne
Dogo, hiyo ni ya kuomba ajira. Hapa anayeomba ni kampuni.

Kokoto_Tatu
Sawa Mama. Miradi ya lami ni hii:

A: km 28, mhandisi wa saiti, Januari 2013 hadi Juni 2015.
B: km 35, meneja mradi, Julai 2015 hadi Desemba 2017.
C: km 22, meneja mradi, Julai 2017 hadi Juni 2019.

Miezi 30, 30 na 24. Jumla 84, yaani miaka 7 kamili. Naandika 7?

Mama_Levo
Hapana. Angalia B na C: kuanzia Julai hadi Desemba 2017 alikuwa kwenye yote mawili. Miezi hiyo 6 inahesabiwa mara moja. Unabaki na 78, yaani miaka 6 na nusu. Sharti la miaka 5 bado anapita, kwa hiyo hakuna sababu ya kuandika 7 na kumpa mtu nafasi ya kutilia shaka mengine. Andika mwezi na mwaka. Ukiandika "2015–2017" tu, mwenye roho ngumu anaweza kukuhesabia mwaka mmoja na kidogo.

Halafu soma sharti tena, neno kwa neno. Wangesema miaka 5 *katika nafasi hiyo*, angeanguka: umeneja wake ni B na C tu, miezi 48. Kwa sharti la miradi 2 weka hizo mbili, usiichomeke A, pale alikuwa mhandisi wa saiti. A inajibu miaka ya kazi za aina hii, basi. Na kila mstari wa jedwali utaje ukurasa wa barua ya mteja inayomtaja yeye kwa cheo. Barua inayoisifu kampuni bila jina lake haimsaidii.

Greda_Mzee
Na saini yake iwe mbichi, ya zabuni hii. Mimi yalinikuta: wasifu wangu ulitumika na wakandarasi wawili kwenye zabuni moja, mmoja hata hakunipigia simu, alikuwa na nakala ya zamani tu. Niliitwa kujieleza mimi.

Kokoto_Tatu
Pole mzee. Swali jingine: kuna mradi D, km 40 za lami, alikuwa mhandisi mkazi upande wa mshauri elekezi. Naweza kuuhesabu kwenye umeneja?

Nguzo_Nne
Unahesabika. Mhandisi mkazi ndiye mkubwa wa saiti.

Greda_Mzee
Mkubwa wa kukagua. Hajawahi kulipa vibarua wala kutafuta mafuta ya greda usiku. Mimi nisingekubali.

Mama_Levo
Nimeona kamati zikigawanyika hapo. Kwenye miaka ya kazi za aina hii ningeuweka bila wasiwasi. Kwenye umeneja, B na C zinakutosha, usiuguse. Ila kama C ina utata wowote wa barua, uliza ufafanuzi kwa maandishi kabla muda wa maswali haujaisha.

Kokoto_Tatu
Barua ya C inasema "msimamizi wa kazi", si meneja mradi. Nampigia mteja asubuhi.