Tupeane uzoefu: mtu anapokutumia jina lake tu, unamjibuje?

MkungaWaPwani:
Ndugu zangu, mimi ni mkunga katika zahanati moja mkoani Tanga, na kwa zamu hushika simu ambayo wajawazito huitumia kutuandikia. Mara kwa mara ujumbe wa kwanza huingia ukiwa na jina tu, bila salamu wala swali.

Mwaka jana, yapata saa mbili usiku, uliingia ujumbe wa neno moja: "Shida". Nilikuwa na mgonjwa mbele yangu, nikajibu upesi, "Shida gani?" Hakuandika tena. Siku tatu baadaye alikuja dada mmoja kliniki, na nilipomwomba jina ili niandike kwenye kadi, akasema anaitwa Shida. Alizaliwa mwaka wa njaa, na bibi yake ndiye aliyempa jina hilo. Usiku ule alitaka kuniuliza juu ya kichwa kilichokuwa kikimuuma bila kupoa na uso uliokuwa ukivimba. Tulipompima, shinikizo la damu lilikuwa juu, tukampeleka hospitali ya wilaya siku ile ile. Alijifungua salama, lakini siku tatu zile zilipotea kwa sababu ya jibu langu. Alinieleza kwa upole kwamba alipolisoma aliona kama mtu aliyechoshwa naye kabla hajaanza kusema.

Siku hizi naandika: "Karibu sana. Ujumbe wako nimeupata. Mimi ni mkunga wa zamu. Je, Shida ndilo jina lako?" Wengi hujibu. Nanyi mnajibuje?

FundiCherehani:
Mimi nashona nguo Morogoro. Kwangu jina peke yake maana yake karibu kila mara ni moja: mtu anauliza kama nguo yake iko tayari. Anaamini kwamba nina daftari, na kwamba nikiliona jina nitajua yeye ni nani. Kwa hiyo nafungua daftari kwanza, kisha namjibu, "Karibu, Rehema. Gauni lako la kitenge limebaki kutiwa vifungo, njoo Alhamisi." Wateja hufurahi kwamba hawakulazimika kujieleza upya. Tatizo hutokea ninapokuwa na Rehema wawili. Hapo simtajii nguo yoyote, maana niliwahi kumtajia mmoja bei ya nguo ya mwenzake, na maneno yakawa mengi.

MwalimuMstaafu:
Nilifundisha madarasa ya elimu ya watu wazima tangu miaka ya 1970. Neno la kwanza ambalo mtu mzima hujifunza kuandika ni jina lake, na wapo walioishia hapo. Mtu akikutumia jina tu, fahamu kwamba hajui kuandika zaidi. Usimjibu kwa maandishi, mpigie simu papo hapo. Na uanze na shikamoo, kwa kuwa hujui umri wake, na ni afadhali kumwamkia mdogo kuliko kumnyima mkubwa heshima yake.

KijanaWaTemeke:
Mimi nawashauri msijibu kabisa. Namba ngeni inakutumia jina, ukiitikia tu unaanza kuombwa hela. Limenitokea mara mbili.

MkungaWaPwani:
Kijana wa Temeke, pole kwa yaliyokupata. Hata hivyo, hapa tunazungumzia simu ambazo sisi wenyewe tumezitangaza ili watu watuandikie. Anayeandika huko hajabahatisha namba.

MpokeaSimu:
Nimepokea ujumbe wa watu kwa miaka tisa katika huduma ya ushauri, na ningependa kuongeza mambo mawili, kwa sababu nimeyaona yakileta madhara.

La kwanza linahusu maneno yako, dada mkunga, "Mimi ni mkunga wa zamu." Kwenye simu nyingi mwanzo wa ujumbe huonekana kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa, na simu yenyewe huenda ni ya mume, ya mama mkwe au ya jirani. Msichana ambaye hajamweleza mtu yeyote kwamba ana mimba anaweza kufichuliwa na neno "mkunga" kabla yeye mwenyewe hajalisoma. Sisi katika jibu la kwanza hatutaji huduma wala ugonjwa. Tunaandika: "Karibu, Neema. Mimi naitwa Asha, nimepata ujumbe wako. Nipo hapa, andika au tuma sauti ukiwa tayari." Amenipa jina, nami nampa langu, kama mtu aliyepigiwa hodi anavyofungua mlango badala ya kuuliza tena "nani?" kutoka ndani. Aliyeandika anaijua namba aliyoiandikia, kwa hiyo hahitaji kukumbushwa. Jibu hilo pia halifiki herufi 160, kwa hiyo kwenye simu ya kitochi linafika likiwa ujumbe mmoja usiokatika.

La pili ni kumpigia papo hapo. Mwalimu, ni kweli kwamba wapo wasioweza kuandika zaidi, na kwa ajili yao tunataja sauti. Lakini wengine wametuma jina kwa sababu hawawezi kuongea: mtu yuko chumbani mwao, au wanajaribu tu kuona kama upande wa pili kuna binadamu. Simu ikiita, wanaizima, na huenda wasirudi. Sisi tunauliza kwanza, "Naweza kukupigia?" na tunasubiri.

MwalimuMstaafu:
Hilo la kuuliza kabla ya kupiga nalikubali. La shikamoo bado sijashawishika.

MpokeaSimu:
Shikamoo niliijaribu, mwalimu. Binti mmoja alinijibu, "Mbona unaniamkia, kwani mimi mzee?" Alidhani namkejeli, na ikanichukua muda kumtuliza. "Karibu" haina umri. Vivyo hivyo siongezi "dada" wala "kaka" kwa kukisia jina. Zawadi, Furaha na Riziki nimewakuta wanawake na wanaume, na lugha yetu inaniruhusu kuzungumza na mtu kwa muda mrefu bila kulazimika kujua.

BintiWaLamu:
Niruhusuni niseme kama mtumaji. Mimi naitwa Salama. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliandikia namba ya ushauri jina langu tu, nikajibiwa, "Salama, za kwako?" Mwenzangu alidhani namjibu salamu. Niliyashika maneno yale mkononi karibu saa nzima. Nilikuwa nimeandika na kufuta mara nyingi, na jina ndilo pekee nililoweza kulituma bila kutetemeka. Mwishowe niliandika, "Ni jina langu." Akanijibu, "Samahani, Salama. Ni jina zuri, karibu." Baada ya hapo nilieleza yote. Angekuwa ameniuliza tangu mwanzo nina tatizo gani, sidhani kama ningeendelea.

FundiCherehani:
Na je, kama umejibu vizuri, naye akanyamaza? Mimi huandika tena baada ya saa moja.

MpokeaSimu:
Saa moja kwangu ni haraka mno, hasa usiku. Mimi humwandikia mara moja tu, siku ya pili mchana, "Salama, bado nipo, wakati wowote," kisha namwachia. Wenzangu wengine hawaandiki kabisa, kwa hofu ya simu kushikwa na mtu mwingine, na siwezi kusema kwamba wamekosea.

MkungaWaPwani:
Mimi kwa wajawazito siwezi kunyamaza hadi kesho mchana, kwa kuwa sijui kama nyuma ya jina kuna kichwa kinachouma. Lakini neno "mkunga" nimeliondoa kwenye jibu langu jioni hii, na wenzangu wa zamu nimewaambia.