Kamera moja ya USB na ORB-SLAM3, au kamera ya kina na RTAB-Map? Korido yangu inatoka imepinda kama ndizi

Panya_wa_Stoo
Wakuu habari za jioni. Nina karoboti kadogo, magurudumu mawili yenye mota na enkoda, kengine ka nyuma ka kuzunguka tu, juu yake nimefunga Raspberry Pi 5. Kazi yake ni kuzunguka ghorofa moja ya ofisi ichore ramani halafu baadaye iitumie hiyo ramani kupeleka vitu. Korido ni kama mita 14 na vyumba vinne pembeni.

Sasa hivi natumia kamera ya kawaida ya USB, 640 kwa 480, na programu ya kuchora ramani ya ORB-SLAM3, ile ya kamera moja. Shida ni mbili. Korido imenyooka kabisa lakini kwenye ramani inapinda, na roboti ikifika mlangoni ikigeuka palepale inapotea kabisa, inaanza ramani nyingine. Kalibresheni nimefanya na kosa lilikuwa pikseli 0.19 kwa hiyo nadhani hapo niko sawa.

Hela ninayo ya kitu kimoja tu. Nibaki hapa nirekebishe, ninunue kamera ya kina nihamie RTAB-Map, au nichukue laida, kile kipima umbali kwa leza, niachane na kamera?

KasiMpya
0.19 ni safi sana bro, watu wanafurahi hata wakipata 0.5. Tatizo sio kalibresheni, tatizo ni kamera moja. Chukua kamera ya kina ya D435, imeshakalibretiwa kiwandani, unachomeka unatembea, hayo mambo ya ubao wa drafti unasahau kabisa.

MzeeTindo
Laida na slam_toolbox. Nusu saa ramani iko tayari. Nyie vijana mnapenda kuteseka.

Bi_Sonara
Panya, kabla hujatoa hela nijibu mambo matatu. Hiyo kamera ina otofokasi? Picha za ubao ulipiga ngapi na ubao uliushikaje? Na ukirudia kalibresheni leo na kesho, namba ya fx, yaani fokasi ya lenzi kwa pikseli, inatoka ileile?

Nauliza kwa sababu hilo kosa la 0.19 linakwambia tu kwamba modeli imezikubali picha ulizoipa wewe. Ukimpa picha 12 zote ubao uko katikati, umetazama kamera uso kwa uso, atakurudishia kosa dogo sana maana umempa mtihani rahisi. Ubao ukiwa umetazama kamera moja kwa moja, lenzi yenye fokasi ndefu na ubao ulio mbali zaidi vinatoa picha ileile, hawezi kutofautisha. Ni mpaka uuinamishe, nyuzi 30 hadi 45 hivi, huku na huku, ndipo fx inapatikana kweli. Na zile pembe za picha ambako lenzi inapinda zaidi, usipopeleka ubao huko anabahatisha tu. Roboti inayokwenda mbele kwenye korido, kuta zote mbili zinapita kwenye pembe hizohizo. Ndizi yako nadhani imetokea huko.

Panya_wa_Stoo
Dada otofokasi ipo ndio, sikuwahi kuizima. Picha 14, ubao nilichapisha A4 nikaushika kwa mkono. Nimerudia sasa hivi mara mbili kama ulivyosema, ya kwanza fx 688, ya pili 641. Nimechoka kabisa.

KasiMpya
Haa sawa hiyo kweli mbaya. Lakini pia angalia printa, ukichapisha ikapunguza karatasi ili itoshe ukurasa basi viboksi sio milimita 25 tena na kalibresheni yote inaharibika.

Bi_Sonara
Hapo uko nusu Kasi. Kwa kamera moja, ukikosea ukubwa wa kiboksi, fx, fy, kitovu cha picha na upindaji wa lenzi vyote vinabaki vilevile, kinachobadilika ni umbali wa ubao tu ambao hatuutumii. Inayoumia ni kamera ya macho mawili, maana umbali kati ya lenzi unapimwa kwa hicho kiboksi, ukikikosea kwa asilimia 2 ramani nzima inakuwa kubwa au ndogo kwa asilimia 2. Kinachoua kwa kamera moja ni karatasi kukunjika, au printa kuvuta upande mmoja tu kiboksi kikawa si mraba. Panya bandika karatasi kwenye kipande cha kioo cha dirisha au ubao wa kabati, kitu kisichopinda, usishike karatasi tupu mkononi.

Kuhusu 688 na 641, hiyo ni otofokasi. Lenzi ikisogea mbele na nyuma kutafuta fokasi, fx inahama nayo, kwa hiyo ulikuwa unakalibreti kamera mbili tofauti. Funga hivi:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-ctrl=focus_automatic_continuous=0
v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-ctrl=focus_absolute=0
```

Ile 0 ya mwisho ijaribu, kila kamera ina namba zake, wewe tafuta inayoonyesha vizuri kitu kilicho mita 2 au 3, ukishaipata usiiguse tena na iwe inawekwa kila roboti inapowaka. Halafu:

```
ros2 run camera_calibration cameracalibrator --size 8x6 --square 0.025 --ros-args -r image:=/image_raw
```

8x6 ni makutano ya ndani, ubao wenyewe una viboksi 9 kwa 7, hapa wengi wanakwama wanadhani programu haioni ubao kumbe wamehesabu viboksi.

Ukimaliza usiamini kosa peke yake, ipime ukutani. Bandika utepe wa mita 1 ukutani, kamera iwe mita 2 kutoka hapo imetazama ukuta sawasawa, uhesabu utepe umechukua pikseli ngapi kwenye picha iliyonyooshwa. fx ni hizo pikseli mara umbali gawanya kwa urefu. Ikiwa fx ni 612 utepe lazima uchukue 306. Ukikosea umbali kwa sentimita moja fx inakosea kama 3, kwa hiyo pima kwa futi kamba sio kwa hatua.

duka_la_pembeni
Samahani kuingilia, mimi nina kamera ya CCTV ile ya jicho la samaki juu ya dari nataka kujua mteja amesimama wapi dukani, hii kalibresheni inafaa?

Bi_Sonara
Ubao ni uleule ila modeli sio hii, tumia cv2.fisheye. Na yako haitembei kwa hiyo huhitaji SLAM kabisa, fungua uzi wako tukusaidie huko.

Panya_wa_Stoo
Nimerudi, siku mbili zimepita. Ubao nimebandika kwenye kioo, fokasi nimefunga, picha 45 nimeinamisha sana na kupeleka pembeni mpaka shingo inauma. Mara ya kwanza 612.4, mara ya pili 614.1. Kosa limepanda kutoka 0.19 kwenda 0.31 lakini utepe ukutani umetoa pikseli 307!! Na korido sasa imenyooka, sio kama rula lakini ndizi imeisha. Nilikuwa nataka kulaumu ORB-SLAM3 bure.

Ila kugeuka palepale bado inapotea. Na kingine, chumba cha mwisho kinatoka kidogo kuliko cha kwanza wakati vimejengwa sawa.

Bi_Sonara
Hayo mawili kalibresheni haiyatibu, hapo Kasi alikuwa na hoja. Kamera moja inapata kina kwa kusogea, inaona pointi ileile kutoka sehemu mbili. Roboti ikizunguka palepale kamera haijasogea, pointi mpya haziwezi kupewa umbali, za zamani zimeshatoka kwenye picha, ndio anapotea. Ukitaka kubaki na kamera hiyo lazima igeuke kwa mduara mpana, na mlango wa sentimita 80 haukupi nafasi hiyo. Chumba kuwa kidogo ni vilevile, kamera moja haijui mita, inakisia na kisio linahama taratibu. Halafu hata ikinyooka yote, ORB-SLAM3 inakupa wingu la pointi chache, sio ramani ya viboksi wazi na vilivyozibwa ambayo roboti itaitumia kupita.

Kwa kazi yako mimi ningechukua kamera ya kina na RTAB-Map, odometri, yaani hesabu ya mwendo, iwe ya enkoda zako, na uweke `Reg/Force3DoF` iwe `true` maana sakafu yako ni tambarare, roboti haipai. Ukigeuka mlangoni enkoda zinashikilia mpaka kamera ione kitu tena.

KasiMpya
Si nilisema 😂 na D435 ukiwasha ile taa ya infraredi inarusha vidoti ukutani, hata ukuta mweupe anapata pointi za kufuata.

Bi_Sonara
Vidoti vinasaidia kupata kina cha ukuta mweupe, hiyo kweli. Lakini usivitumie kufuata mwendo! Taa iko kwenye roboti, vidoti vinasafiri nayo, programu ikivifuata kwenye picha ya infraredi inaona vimetulia inadhani roboti imesimama. Alama za kufuata zichukue kwenye picha ya rangi. Na picha ya rangi ya D435 inasomwa mstari kwa mstari, kwa hiyo igeuke polepole la sivyo milango inalala upande.

Na lile la "unachomeka unatembea" hapana. Kiwandani hawajui wewe umeifunga wapi kwenye roboti. Ukiiambia programu iko sawa kumbe imeinama nyuzi 2, sakafu iliyo mita 3 mbele inaonekana imepanda sentimita 10, na roboti inakataa kutembea maana mbele kuna "ukuta". Dalili yake ni hiyo, vizuizi vinavyotokea mbali na kufutika ukikaribia.

Kina chenyewe pia kina kikomo. Chukua kamera ya macho mawili yenye sentimita 6 kati ya lenzi, fx 450, na ikikosea robo pikseli tu: kwenye mita 1 unakosea kama sentimita 1, kwenye mita 3 inafika 8. Umbali mara tatu, kosa mara tisa. Mimi kwenye ramani nakata kila kitu zaidi ya mita 3.

MzeeTindo
Laida ya bei ndogo kwenye mita 3 haikosei sentimita 8, nasema tu.

Bi_Sonara
Kweli mzee, na kwa korido pekee ningekubaliana na wewe. Ila ile ya bapa inaona mstari mmoja tu, meza inaiona miguu, kichwa cha roboti kinagonga ubao wa juu.

MzeeTindo
Roboti ya Panya ina urefu gani? Kama inapita chini ya meza basi hoja yako haipo.

Panya_wa_Stoo
Sentimita 35 mzee, inapita chini ya meza, ila kuna viti vya magurudumu vina zile fito za chini... na mlango wa mkutano ni wa kioo.

MzeeTindo
Kioo hapo nimekwama.

Bi_Sonara
Hata mimi, infraredi nayo inapita kwenye kioo. Weka stika kwenye huo mlango.

Panya_wa_Stoo
Nimeazima D435 kwa rafiki kabla sijanunua. RTAB-Map na enkoda, mizunguko mitatu, mlangoni hapotei tena na vyumba vimelingana. Imebaki kipande cha korido kama mita 4, kuta mbili nyeupe tupu, hapo picha haina cha kushika inabaki enkoda peke yake na gurudumu la kushoto linateleza kwenye vigae, kwa hiyo ramani inakuwa na kaukuta ka pili kando ya kale ka kwanza. Akifunga mzunguko, yaani akitambua amerudi alikopita, inajirekebisha, siku nyingine haifungi. Nimeomba ruhusa kubandika mabango ukutani, bosi amesema ofisi sio kituo cha daladala.

KasiMpya
Pandisha kamera kidogo aone dari, dari zina taa na matundu.

Bi_Sonara
Jaribu, ila ukiinua pima upya ile pembe ya kamera. Na kabla ya hapo pima gurudumu hilo, mwendeshe mita 5 mbele uone anaishia wapi.