Naomba ushauri: niliwaambia wanafunzi chombo cha akili mnemba hakikumbuki, sasa wameniletea ushahidi kwamba kinakumbuka

ChakiNyeupe:
Wakuu, habari za saa hizi. Nafundisha fizikia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wanaruhusiwa kutumia akili mnemba kwenye kazi za nyumbani kwa sharti moja: kila wakifungua kikao kipya, waandike swali lote upya pamoja na thamani zake. Niliwaambia chombo hakibebi chochote kutoka kikao kimoja kwenda kingine.

Niliwaonyesha kwa mfano. Gari la kilo 1200 linakwenda 20 m/s, breki zinalikaza kwa nguvu ya 6000 N. Sehemu (a) inataka mpunguo wa kasi, jibu 5 m/s². Mwanafunzi anaimaliza jioni. Kesho yake anafungua kikao kipya na kuandika tu, "Sasa gari lile la 20 m/s litasimama baada ya umbali gani?" Akapewa mita 29 na kitu. Jibu sahihi ni mita 40. Chombo hakikuwa na nguvu ya breki, kikachukua msuguano wa barabara kavu, 0.7, kikasonga mbele. Darasa lilielewa vizuri kabisa.

Sasa binti mmoja kaniletea karatasi aliyochapisha. Swali lilikuwa jiwe linaloanguka kwa sekunde 3 kutoka kwenye utulivu. Kikao kilikuwa kipya, na anasema g hakuitaja. Chombo kimejibu, "Kwa kuwa mnatumia g = 10," kikampa mita 45. Karatasi yangu ya maswali inasema watumie 9.8, jibu liwe 44.1. Darasa zima sasa linasema mwalimu alitudanganya. Nitawajibuje bila kuipoteza kanuni yangu?

Mzee wa Majedwali:
Piga marufuku, mwalimu. Sisi tulisoma kwa vitabu vya majedwali na kichwa, na hesabu tulizijua. Mtoto anayeuliza mashine jiwe linaanguka umbali gani hajafundishwa, amesindikizwa tu.

Kichuguu:
Mimi naona watoto wako sahihi. Vitu hivi vinajifunza. Ukivitumia muda mrefu vinakuzoea, vinajua unapenda nini. Mwanzoni hakijui kitu, baadaye akili yake inabadilika kukufuata. Kwa hiyo kanuni yako ilikuwa ya kweli mwanzo wa muhula, sasa imepitwa.

Mama Mapacha:
Nisaidieni na mimi humu humu. Nakitumia kuandika barua za kazini, na mwanangu anatumia simu hiyo hiyo. Juzi kaomba kisaidie insha ya historia, ikatoka na "Kuh:" juu na "Wako mtiifu" chini. Mwalimu wake alikataa kuipokea. Kosa ni la nani hapo?

Fundi Seva:
Kichuguu, umegusa kitu lakini sicho chenyewe. Ukiwa ndani ya kikao, modeli haibadiliki hata kidogo. Kila ukituma ujumbe, mazungumzo yote ya kikao hicho yanatumwa tena kutoka juu mpaka chini, nayo inayasoma upya. Ndiyo maana inaonekana kukumbuka. Nafasi ya kusomea ina kikomo, kwa hiyo kikao kikirefuka sana, vya mwanzo vinaweza kukatwa au kufupishwa. Ukifungua kikao kipya, hakuna cha kutumwa tena. Hapo mleta mada yuko sahihi.

Lakini siku hizi baadhi ya zana zina daftari pembeni. ChatGPT, kwa mfano, ilianza kujaribu kumbukumbu Februari 2024, na Aprili 2025 ikaongezewa uwezo wa kurejea mazungumzo yaliyopita. Ni kama daktari wa zamu: yeye hakujui, ila faili lako limewekwa mezani kabla hujaingia. Modeli ni ile ile, ila imebandikiwa maelezo mafupi juu ya swali lako, na wewe huyaoni.

Mama Mapacha, yako ndiyo hiyo. Daftari moja, watumiaji wawili.

Mleta mada, kabla sijasema zaidi: akaunti aliyotumia binti ni ya nani?

ChakiNyeupe:
Ni akaunti ya kawaida tu, ile ya bure. Swali langu ni namna ya kuwajibu darasani.

Mshale:
Hujajibu, mwalimu. Ya nani?

ChakiNyeupe:
Sawa. Ni yangu. Niliifungua mimi, ipo kwenye kompyuta za maabara, na darasa zima linaingilia hiyo. Sikuona sababu ya kila mtoto kufungua yake, wengine umri hauruhusu bila mzazi, na mimi nilitaka niweze kuona wanauliza nini. Huo ni uangalizi, na naamini ni sahihi.

Fundi Seva:
Basi ndiyo hayo. Mwanafunzi mmoja aliandika mahali, "tumia g = 10, ndiyo tunayotumia." Daftari likaandika kwamba mtumiaji hutumia g = 10. Kwa chombo, darasa zima ni mtu mmoja. Binti akaja na swali lake safi, akabebeshwa chaguo la mwenzake. Tazama hata neno lenyewe, "mnatumia". Asiye na maelezo ya nyuma angesema "tuchukulie g = 9.8", au 10, lakini angesema tuchukulie. Hilo ndilo neno la kuwafundisha kulitafuta. Kwenye mfano wako wa gari naamini lilikuwepo karibu na ile 0.7.

Ila tahadhari: maneno kama "kama tulivyoona jana" peke yake si ushahidi. Vyombo hivi huweza kuyaandika hata pasipo na jana yoyote, maana ndivyo watu wanavyoandika. Na usikiulize chenyewe kinakumbuka nini ukaamini jibu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kumbukumbu, usome orodha. Halafu soma na masharti ya huduma. Nyingi hazikubali akaunti moja kugawanwa.

Mama Mapacha:
Kwa hiyo insha ya mwanangu ilirithi barua zangu. Nashukuru. Lakini mwalimu, huyo binti ulimfanya nini alipokuletea karatasi?

ChakiNyeupe:
Naomba tubaki kwenye mada.

Mama Mapacha:
Hii ndiyo mada. Ulimfanya nini?

ChakiNyeupe:
Nilikuwa nimeshampa sifuri. Jirani yake alipata 44.1, yeye 45, nikajua kakopa jibu la darasa lingine linalotumia 10. Alipokuja na karatasi nikamwambia aliandika g = 10 mwenyewe kisha akakata mstari kabla ya kuchapisha. Nimemwandikia mzazi barua. Sikuona njia nyingine ya kuelezea ile 10, na kanuni ilikuwa wazi kwa wote. Nikiirudisha sifuri hii, kila mmoja atakuja na karatasi.

Mzee wa Majedwali:
Yote haya kwa sentimita 90 za jiwe.

Mshale:
Wakuu, mimi nanusa chai. Mwalimu wa fizikia ambaye hajui kwamba 45 na 44.1 ni g tu, akakimbilia barua kwa mzazi? Na anajua mpaka chombo kilisema neno gani? Huyu ni yule binti mwenyewe, kapewa sifuri, kaja kutafuta hoja za kumpelekea mwalimu wake. Mleta mada, tuambie ukweli, una miaka mingapi?

Kichuguu:
Hata mimi nimeanza kushangaa. Ile "naomba tubaki kwenye mada" ni ya mwalimu, lakini "darasa lilielewa vizuri kabisa" ni ya mwanafunzi anayemwigiza mwalimu.

ChakiNyeupe:
Sina haja ya kutunga. Nilijua ni g, ndiyo maana nilisema kakopa. Nisichokijua ni kwamba chombo kingeileta chenyewe.

Fundi Seva:
Chai au si chai, jambo lenyewe linachunguzika. Mwalimu, akaunti ni yako. Vikao vyote viko upande wa kushoto. Fungua kile cha binti usome alichoandika. Kama g = 10 haimo, barua yako haina msingi. Ni kazi ya dakika chache.

ChakiNyeupe:
Vikao huwa navifuta kila Ijumaa ili kila wiki waanze upya. Nilidhani kwa kufuta hivyo nafuta kila kitu. Cha kwake kimeondoka na vingine.

Mshale:
Haya. Ushahidi umefutwa Ijumaa. Mlitegemea nini?

Fundi Seva:
Hilo mimi naliamini, maana nimeliona kwa wengi. Kufuta kikao na kufuta daftari ni vitu viwili. Katika zana kadhaa unafuta mazungumzo, na maelezo yaliyochotwa humo yanabaki mpaka uyafute yenyewe. Nenda kaangalie orodha.

ChakiNyeupe:
Nimeangalia. Ipo: "Mtumiaji hutumia g = 10 m/s² katika hesabu." Chini yake, "Mtumiaji anajiandaa kwa mtihani wa baiolojia." Mimi sifundishi baiolojia. Nimezima kumbukumbu na kufuta orodha yote. Bado haionyeshi kwamba binti hakuandika g mwenyewe. Huenda ndiye aliyeianzisha.

Fundi Seva:
Kweli, haionyeshi. Lakini inakuondolea ile hoja kwamba hapakuwa na njia nyingine. Ungeiacha orodha kidogo, ungewaonyesha darasa, hakuna somo bora kuliko hilo.

Kuhusu kanuni: ibakize, badilisha sababu. Usiwaambie waandike muktadha kwa kuwa chombo hakikumbuki. Waambie waandike kwa kuwa hawajui kimebandikiwa nini. Swali la jiwe liwe hivi: "Jiwe linaanguka kutoka kwenye utulivu kwa sekunde 3. Tumia g = 9.8 m/s². Puuza ukinzani wa hewa. Tafuta umbali." Thamani iliyoandikwa kwenye swali kwa kawaida huishinda ile ya daftari. Si kila mara, kwa hiyo kwenye mstari wa kwanza wa jibu wahakiki g iliyotumika kabla hawajanakili chochote. Na lile la gari, sehemu (b) ibebe kilo 1200 na 6000 N, au angalau ile 5 m/s² waliyoipata.

Kichuguu:
Na karatasi yako ya maswali je? Kama 9.8 imeandikwa juu ya ukurasa mara moja tu, mtoto anayenakili swali la nne peke yake ataiacha huko juu.

ChakiNyeupe:
Imeandikwa juu, kwenye maelekezo. Nitaiweka ndani ya kila swali. Kesho nampa binti swali jingine alifanye mbele yangu, kwa kalamu, bila kompyuta.

Mama Mapacha:
Kabla ya swali jingine, mwalimu, barua. Mzazi anaisoma leo.

ChakiNyeupe:
Barua inahitaji saini ya mkuu wa taaluma kuifuta. Nitamfuata asubuhi. Sifuri sijaamua.