Tupeane uzoefu: ni lini hesabu ya mraba wa sini ilikuonyesha kitu ambacho mita haikukuonyesha?

Fundi_Sola_Moro:
Wakuu, kazi yangu ni kufunga sola. Kuna mteja alinunua inveta ndogo, kibandiko kinasema "Modified Sine Wave 230V". Akaipima kwa maltimita yake ya bei nafuu, ikasoma 180. Akarudi dukani kwa hasira kwamba kauziwa kibovu. Nilipofika nikachomeka mita yangu yenye maandishi True RMS kwenye soketi ile ile, ikasoma 229. Tukahamia kwenye umeme wa gridi: mita zote mbili zikasoma karibu 230, zimepishana volti moja tu. Kwa hiyo hakuna mita mbovu hapo.

Kilichomaliza ugomvi ni kukaa chini na kalamu. Nitaweka hesabu baadaye, ila kwanza nataka kusikia kwenu. Nani mwingine hii RMS imemkuta kazini au darasani?

Mwalimu_wa_Vekta:
Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Huwa naanza na swali: wastani wa volteji ya soketi kwa mzunguko mzima ni sifuri, nusu juu nusu chini, sasa hita inachemshaje maji? Darasa linanyamaza kidogo, kisha kuna mmoja atasema joto halijali mkondo unaelekea wapi. Hapo ndipo pa kuanzia. Joto linafuata v² gawanya kwa R, kwa hiyo tunatafuta wastani wa mraba, halafu tunarudi kwenye volti kwa kipeuo cha pili, na hiyo ndiyo RMS.

Kwa soketi yetu kilele ni 325 na mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.02:

```
v²      = 325² sin²(ωt) = 105625 × (1 − cos 2ωt)/2
∫ v² dt = 105625 × 0.01 = 1056.25    (0 hadi 0.02)
wastani = 1056.25 / 0.02 = 52812.5
RMS     = √52812.5 ≈ 229.8
```

Ile kosini inapanda na kushuka mara mbili kamili ndani ya kipindi, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Kinachobaki ni nusu.

Kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni mwanafunzi kuandika kwamba intigrali ya sin² ni sin³ gawanya kwa 3. Akiweka mipaka anapata sifuri, na anaipigia mstari kama jibu. Namwambia achore. Mchoro wa sin² wote uko juu ya mstari wa sifuri, eneo lake litakuwaje sifuri?

La pili ni mipaka. Ukikata kwenye nusu ya kipindi, hata robo, jibu linatoka lile lile. Ukikata kwenye sehemu ya nane, yaani sekunde 0.0025, unapata volti 138 na ushee, kwa sababu umechukua sehemu ambayo wimbi bado linapanda na hujafika kileleni.

Kaka_Nyaya:
Mwalimu na heshima zote, huko ni kuzunguka. Kilele mara 0.707, kazi imekwisha. Hata hiyo inveta ya Fundi: 325 × 0.707 = 230. Imekubali bila intigrali.

Mama_Duka_Pugu:
Jamani kumbe! Mimi kwangu saa mbili usiku mita inasoma 180 na friji linanguruma tu, haliwaki. Nilikuwa nalaumu umeme mdogo. Kwa hiyo tatizo ni mita, ninunue hiyo ya True RMS?

Fundi_Sola_Moro:
Hapana dada, usinunue. Umeme wa gridi wimbi lake linakaribia sana sini, na kwa sini hata mita ya bei nafuu inasema kweli. Hiyo 180 yako ni 180 halisi. Pima mchana watu wakiwa kazini. Ikipanda vizuri, basi jioni mzigo unazidi kwenye laini yenu au waya ni mrefu na mwembamba. Na usiliache friji likinguruma hivyo, mota itaungua.

Kaka_Nyaya, 0.707 imekubali kwa bahati tu. Wimbi la inveta ile si sini. Linakaa kwenye 325 kwa milisekunde 5, linashuka sifuri milisekunde 5, linakwenda −325 milisekunde 5, tena sifuri. Kwa hiyo intigrali ni nyepesi: 325² kwa nusu ya muda, sifuri kwa nusu nyingine. Wastani 52812, kipeuo 230.

Mita ya mteja haipigi mraba. Inageuza upande hasi kuwa chanya, inachukua wastani wa kawaida, halafu inazidisha kwa 1.11, namba ambayo ni sahihi kwa sini peke yake. Kwa sini: 325 × 0.637 ni 207, mara 1.11 ni 230. Kwa inveta: wastani ni 162.5, mara 1.11 ni 180. Ndiyo ile 180 ya ugomvi.

Sasa betri ikishuka, inveta nyingine hupunguza kilele na kutanua muda wa kuwaka ili RMS ibaki 230. Tuseme kilele kimekuwa 290, na inawaka asilimia 63 ya muda. 290² × 0.63 ni kama 52980, kipeuo 230. Hesabu yako ya 0.707 itatoa 205. Ile mita itasoma karibu 203.

Kaka_Nyaya:
Sawa, hapo kwenye betri kushuka nimekuelewa. Ila kwa gridi nabaki na 0.707 yangu.

Mwalimu_wa_Vekta:
Kwa gridi baki nayo, ni halali yako. Ndiyo ile nusu chini ya kipeuo.

Dogo_wa_Saketi:
Mimi niko chuo, ufundi wa elektroniki. Pasi yangu ya kulehemu ilikuwa inachoma bodi, nikaiwekea daiodi moja kwenye waya ili ipitishe nusu ya wimbi. Mwenzangu akasema sasa inapata volti 115. Nikaintigreti: eneo la mraba limebaki nusu, lakini unagawanya kwa kipindi kizima cha 0.02, kwa hiyo wastani ni 26406 na kipeuo ni 162.5. Pasi ya wati 60 inabaki na kama wati 30. Ingekuwa 115 ingebaki na wati 15, hapo risasi haiyeyuki vizuri. Yangu inayeyusha.

Bwana_Oskilo:
Upande wangu ni vipuri. Kuna kijana aliweka kapasita ya volti 250 baada ya daiodi nne, kwenye umeme wa 230. Ilivimba, ikapasuka, karatasi na mafuta kila mahali. Kapasita inajaa hadi kilele, karibu 325, RMS haiijui. Weka ya 400.

Lakini Fundi, nikuulize. Hiyo inveta ikitoa 230 ya RMS kabisa, friji liko salama? Nimeona mota zikipata joto kuliko kwenye gridi, na mita inasoma sawa.

Fundi_Sola_Moro:
Hita na balbu ya nyuzi hazina shida. Mota ndiyo napata mashaka, maana wimbi lenye kona lina masafa mengine ndani yake, na hayo yanaongeza joto bila kusaidia kuzungusha.

Kaka_Nyaya:
Mimi friji langu liko kwenye inveta ya aina hiyo mwaka wa pili, halina neno.

Bwana_Oskilo:
Shika kompresa kwa mkono baada ya saa moja kwenye inveta, kisha siku nyingine kwenye gridi, utuambie.