Familia ya Bibi Mwamvua: saa ya Manyovu

[11:48] Dada Zuhura: Jamani, nani yupo? Hamisi amekosa simu ya yule dada wa wakala wa ajira. Ilikuwa leo saa 4 asubuhi. Tunaandika ujumbe wa kuomba radhi SASA HIVI.

[11:49] Dada Zuhura: Hamisi, jibu.

[11:55] Dada Zuhura: Naona umesoma.

[11:57] Shemeji Juma: Muacheni, mkono una mafuta ya mgebuka 😂

[11:58] Baba Mdogo Kassimu: Mbona mimi alinionyesha imeandikwa 10:00? Saa kumi bado kabisa. Mnamtisha mtoto bure.

[11:59] Dada Zuhura: Baba mdogo, shikamoo. 10:00 ya kwenye simu ni saa nne yetu.

[12:01] Baba Mdogo Kassimu: Marahaba. Basi waandike Kiswahili.

[12:06] Hamisi: Shikamooni. Niko Manyovu tangu jana, nilileta turubai za arobaini. Wallahi sikulala. Nilikuwa nakunywa chai dukani nasubiri simu, kioo kinaniandikia 9:20. Kuinua macho, saa ya ukutani inasema saa nne na dakika ishirini. Nikadhani saa ya Mangi ndiyo mbovu.

[12:07] Shemeji Juma: Kumbe umehamia Burundi bila kuaga

[12:08] Hamisi: Ndiyo hivyo shemeji. Simu ilishika mnara wa upande wa pili. Nimeingia kwenye mipangilio, imeandika GMT+02:00. Wenzetu wako nyuma yetu saa moja. Na yule dada ameandika kwenye barua pepe kwamba amepiga mara mbili, namba haipatikani.

[12:10] Dada Zuhura: Mimi nimeshampigia mara tatu kumweleza. Hapokei.

[12:11] Anti Rehema: Zuhura!! Acha kupiga. Ndiyo kwanza nashika simu, nilikuwa kikaoni.

[12:12] Dada Zuhura: Si namsaidia mdogo wangu?

[12:14] Anti Rehema: Unamsaidia kuonekana mtoto. Nimekaa kwenye hizi kazi Dar miaka tisa. Mtu wa wakala siku moja anapiga simu kumi, kumi na mbili, zimepangana kama mabasi stendi. Yako ikipita anaingia ya mwenzako. Namba ngeni ikipiga katikati hapokei, na akipokea akakuta ni dada wa mwombaji, hiyo anaiandika pembeni. Hamisi, umeshaandika chochote?

[12:19] Hamisi: Nina hii: "Habari dada, samahani sana sana kwa usumbufu mkubwa uliojitokeza, ni changamoto za mtandao zilizo nje ya uwezo wangu, naomba unifikirie, niko huru muda wowote."

[12:20] Shemeji Juma: Sema ulikuwa na malaria. Malaria haina swali.

[12:21] Baba Mdogo Kassimu: Mimi mwaka ule wa bandarini nilichelewa kidogo tu, nafasi akapewa mtu mwingine. Na aliyekaa na ujumbe wangu siku mbili anajijua, na yumo humu.

[12:22] Mama Hamisi: Kassimu, hayo tuliyamaliza kwa marehemu kaka.

[12:22] Baba Mdogo Kassimu: Mliyamaliza nyinyi.

[12:24] Dada Zuhura: Jamani tusitoke kwenye mada. Rehema endelea.

[12:31] Anti Rehema: Hamisi, "changamoto za mtandao" anaisoma kila siku, haimwambii kitu. Yako ni ya kweli na ni ya ajabu kidogo, iseme kwa sentensi moja, kisha ukubali kwamba kuhakikisha saa ilikuwa kazi yako. Usiombe kufikiriwa. Halafu hiyo "muda wowote" unaona ni adabu, lakini unamrudishia kazi: afungue ratiba yake, achague, akuulize, asubiri jibu. Mpe nafasi tatu za siku tofauti, nyingine asubuhi nyingine mchana, ili ajibu neno moja tu. Andika kwa saa ishirini na nne na useme ni saa za Tanzania, maana ni saa hizohizo zilizokuangusha. Na ujibu humohumo kwenye barua pepe yake ya leo. Ukianzisha mpya, itabidi atafute wewe ni Hamisi yupi wa kazi ipi.

[12:33] Mama Hamisi: Atampa tena kweli?

[12:35] Anti Rehema: Dada, siwezi kuahidi. Wakala naye ana siku ya kupeleka majina kwa mwajiri. Ikishapita, hata barua iwe tamu vipi. Ndiyo maana nataka iende leo kabla hajafunga ofisi.

[12:47] Bibi Mwamvua: 🎤 0:41

[12:49] Dada Zuhura: Kwa wasio na bando, Bibi anasema: "Nimesikia mtu anataja malaria. Nyumba hii haiombei kazi ugonjwa ambao haupo. Ugonjwa unasikia. Hamisi mwambie huyo binti ulipokuwa na saa yako ilivyokuwa, akikataa umebaki na ulimi wako. Na Kassimu, nikimaliza kuswali nipigie."

[12:58] Shemeji Juma: Samahani Bibi, nilikuwa natania.

[13:16] Hamisi: Anti, angalia hii:

"Salaam dada. Naomba radhi kwa kukosa simu yetu ya leo saa 10:00. Nipo Manyovu, mpakani. Simu yangu ilishika mtandao wa Burundi, haikupatikana, na saa yake ilirudi nyuma saa moja. Nilipaswa kulihakikisha hilo mapema. Nafasi ya mtunza ghala bado naihitaji. Naweza kupokea simu nyakati hizi, saa za Tanzania (EAT, UTC+3):
Jumatano 14:00–16:00
Ijumaa 14:30–16:30
Jumatatu 09:00–11:00
Kama hakuna unaokufaa, nitafuata muda wako. Nitakuwa Kigoma mjini. Namba ni ileile, na ya akiba nimeiweka chini. Hamisi."

[13:20] Anti Rehema: Safi. Zima saa ya kujipanga yenyewe, chagua Dar es Salaam kwa mkono, na mtandao pia uchague kwa mkono.

[13:21] Dada Zuhura: Kutoka Jumatano kurukia Ijumaa anaonekana hana haraka. Weka Alhamisi 09:00–11:00, toa Jumatatu.

[13:22] Hamisi: Sawa dada. Nimetuma.

[13:40] Mama Hamisi: Alhamisi si ndiyo arobaini?

[13:41] Shemeji Juma: 🙆🏾‍♂️

[13:44] Dada Zuhura: Arobaini ni baada ya alasiri.

[13:45] Mama Hamisi: Masufuria yanapanda asubuhi Zuhura. Na anayeyapandisha ni Hamisi.

[15:52] Hamisi: Amejibu! "Asante kwa maelezo, Hamisi. Kesho nimejaa. Alhamisi 09:30 inaelekea kuwezekana, nitathibitisha kesho."

[15:53] Anti Rehema: Mjibu "Asante, nitakuwa tayari" tu. Akikaa kimya mpaka kesho jioni, mkumbushe mara moja humohumo, basi.

[15:55] Hamisi: Na masufuria?

[15:56] Dada Zuhura: Nani ana gari Alhamisi asubuhi? Kutoka Gungu, masufuria manne na gunia la mchele.

[16:20] Dada Zuhura: Naona mmesoma watu kumi na saba.

[16:48] Baba Mdogo Kassimu: Mimi ninalo. Ila kwanza nimalize kuongea na Bibi.