Naomba ushauri: maandishi na muziki kwenye klipu, kwa kutumia galari ya simu tu

Habari zenu wakuu. Nashona magauni na huwa narekodi klipu fupi za kuwaonyesha wateja. Sitaki kupakua programu nyingine, simu yangu ya Android imeshajaa. Nahariri humo humo kwenye galari.

Kukata mwanzo na mwisho hakunisumbui: navuta vishikio viwili vya pembeni, halafu nabonyeza Save as copy ili video asilia ibaki. Shida ni maandishi. Nikiandika "Kitenge, mita 4", yanakaa tangu mwanzo mpaka mwisho, wakati nayataka pale tu ninapokunjua kitambaa. Nimejaribu kukata klipu vipande vitatu, nikaandika kwenye kile cha kati, kisha nikaviunganisha. Maandishi yanatokea panapotakiwa, lakini nakshi za kitenge zinafifia. Nadhani ni kwa sababu kila ninapohifadhi, simu inaibana video upya. Je, kuna njia ya kuvipanga vipande kwanza, nikaandika, halafu nikahifadhi mara moja tu?

Muziki nao unameza sauti yangu ninapotaja bei. Kitelezi cha sauti kipo, ila kinapunguza muziki wa klipu nzima, na mimi nataka ushuke pale ninapoongea tu. Kuna aliyefanikiwa bila kutoka kwenye galari? Au nirekodi maelezo kando, niyaweke badala ya wimbo? Sijui kama faili la kinasa sauti litakubalika pale kwenye kuchagua muziki.